Nembo ya ulalo au ya ghorofa: dalili, visababishi na tiba

Biashara nyingi ndogo zinazoniletea nembo "isiyokaa vizuri" huwa na nembo mbili tayari, ila wenyewe wanadhani ni moja. Kuna ya ulalo: alama iko kushoto na jina liko kulia kwa mstari mmoja. Na kuna ya ghorofa: alama iko juu na jina liko chini yake. Hivyo ndivyo tunavyoziita kwenye karakana yetu hapa Lamu, na wateja wameshazoea. Malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara hayahusu mchoro wenyewe. Toleo moja limewekwa mahali pa jingine, basi. Na kilichosababisha hilo ni kwamba mtu alipima ubao, hakupima kile ambacho mpita njia anakiona.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Bi mmoja wa Langoni anatengeneza achari ya embe. Alama yake ni embe lenye jani moja lililochomoza kulia. Jina lake ni maneno matatu, la katikati likiwa "za", na kwa jumla lina herufi 16. Kazi yake niliikosea mwanzo, ndiyo maana naikumbuka vizuri.

Kabla ya dalili yoyote: pima nembo kwa herufi yake

Sentimita hazitakusaidia hapa, kwa sababu nembo hukua na kupungua. Chukua kimo cha herufi kubwa ya kwanza ya jina, kutoka chini hadi juu, kiwe ndicho kipimo chako. Kisha uliza: nembo nzima ina upana wa herufi ngapi na kimo cha herufi ngapi?

Ya ulalo ya bi wa achari ilikuwa na upana wa herufi 18 na kimo cha herufi 3. Ya ghorofa, jina likiwa limekatwa mistari miwili, ilikuwa 8 kwa 8. Kila nembo inahitaji kupumua, kwa hiyo niliongeza nafasi tupu ya herufi 1 pande zote nne. Zikawa 20 kwa 5, na 10 kwa 10.

Sasa ukipewa nafasi yoyote, gawa upana wake kwa upana wa nembo, halafu gawa kimo chake kwa kimo cha nembo. Jibu dogo kati ya hayo mawili ndilo kimo halisi cha herufi zitakazotoka. Fanya hivyo kwa matoleo yote mawili. Linalotoa herufi kubwa zaidi ndilo linalofaa, hata kama jingine linapendeza zaidi kwenye simu ya mwenye duka.

Kuna njia ya mkato. Gawa upana wa toleo la ulalo kwa kimo cha toleo la ghorofa. Kwa bi huyu ni 20 gawa kwa 10, yaani 2. Maana yake nafasi yoyote ambayo upana wake unazidi mara mbili ya kimo chake ni ya ulalo, na iliyo chini ya hapo ni ya ghorofa. Namba hii ni ya nembo yake peke yake. Jina fupi la herufi 5 litakuwa na namba ndogo zaidi, kwa hiyo usiazime ya jirani.

Dalili ya 1: ubao ni mkubwa, jina ni dogo

Hii ndiyo naletewa kuliko zote. Mtu analipia ubao wa sentimita 180 kwa 45 juu ya mlango, halafu jina linakaa katikati kama kisiwa, na mbao tupu kulia na kushoto.

Kisababishi cha kwanza, na karibu kila mara ndicho, ni ghorofa kuwekwa kwenye nafasi ya ulalo. Hesabu inaonyesha wazi. Ghorofa ya 10 kwa 10 kwenye ubao ule inabanwa na kimo: 45 gawa kwa 10 ni sentimita 4.5. Ulalo ya 20 kwa 5 inatoa sentimita 9 kwa upana na sentimita 9 kwa kimo. Ni ubao uleule na gharama ileile, ila herufi zimekuwa kubwa mara mbili.

Kama toleo ni sahihi na jina bado ni dogo, fungua faili uangalie kingo zake. Picha nyingi za PNG zina ukanda mtupu kuzunguka nembo usiouona, na mchapaji anauhesabu kama sehemu ya nembo. Weka rangi nyuma ya picha, na ukanda utajitokeza. Kwenye programu ya Inkscape, fungua nembo ya SVG, yaani mchoro wenyewe na si picha ya PNG, uichague ubonyeze `Ctrl+Shift+R`, na ukurasa utabana mpaka kwenye mchoro wenyewe. Baada ya hapo nafasi ya kupumua unaiweka wewe kwa kipimo chako.

Kisababishi cha tatu ni kaulimbiu. Kwenye toleo la ulalo, mstari wa pili wenye maneno madogo chini ya jina unaiba kimo cha jina, na wenyewe hausomeki. Uondoe kwenye ubao. Utaonekana vizuri kwenye mfuko au kadi.

Simama hapa ikiwa faili pekee uliyonayo ni picha iliyotoka kwenye gumzo la WhatsApp. Ukiikuza mpaka sentimita 180 itatoka na ukungu kwenye kingo, na hakuna programu ya kunoa itakayoirudisha ilivyokuwa. Mtafute aliyeichora akupe SVG au PDF, herufi zikiwa zimegeuzwa kuwa michoro. Akikosekana, mlipe mtu aichore upya. Ni kazi ya saa chache kwa anayejua, na ni nafuu kuliko ubao wa pili.

Dalili ya 2: ubao unasomeka ukiwa umesimama mbele yake tu

Hapa ndipo nilipoteleza mimi. Nilimtengenezea bi ubao wa ulalo, 180 kwa 45, nikaupigilia bapa ukutani. Hesabu zote zilikuwa sawa. Wiki moja baadaye akaniita, akaniambia, "Mwanangu, bao hili lasomwa na ukuta wa mbele tu."

Alikuwa amesema kweli. Kichochoro chake kina upana wa mita 2 hivi. Hakuna anayekuja duka lile kwa mbele, kwa sababu mbele kuna nyumba ya watu. Watu wanatoka kulia au kushoto, wakitembea katikati, mita 1 kutoka ukutani. Mtu aliye mita 10 kutoka dukani anauona ubao kwa upande, umebanwa kama mlango uliofunguliwa nusu. Kimo kinabaki kilekile, ila upana unaomfikia jichoni ni kama sehemu 1 ya 10. Ubao wa sentimita 180 unakuwa ufito wa sentimita 18. Akifika mita 3, upana umefika kama 57, bado ni chini ya theluthi. Herufi zimesongamana kama dagaa kwenye ungo, na akianza kuzielewa ameshapita.

Kwa hiyo kisababishi cha kawaida kwenye mji wa kale ni pembe ya kutazama, wala si ukubwa. Kagua hivi kabla hujatumia hata shilingi: kata boksi la ukubwa wa ubao, andika jina kwa wino mzito, mwenzako alishike mahali pake, nawe utembee kutoka kila upande ambao wateja hutokea. Simama pale unapoanza kulisoma, uhesabu hatua zilizobaki. Zikiwa chini ya tano, ubao bapa haukufai.

Tiba ni kibao cha kuning'inia kinachotoka ukutani kikikabili njia, kimeandikwa pande zote mbili. Na mara tu unapofanya hivyo, umbo la nafasi linageuka. Kibao kirefu kwenda mbele kingefunga kichochoro, kwa hiyo kinakuwa cha mraba. Tulikata cha sentimita 50 kwa 50. Ulalo ungetoa herufi za sentimita 2.5. Ghorofa ilitoa za sentimita 5. Wachora mabango wana kanuni ya zamani: kila sentimita 2.5 za kimo cha herufi zinasomeka bila taabu kwa umbali wa mita 3. Basi kwa ulalo mtu angesoma akiwa mita 3, na kwa ghorofa anasoma akiwa mita 6, muda wa kutosha kupunguza mwendo na kuuliza bei ya chupa.

Ule ubao mrefu haukutupwa. Aliuhamishia kwenye meza anayouzia karibu na gati, ambako watu wanaukabili uso kwa uso wakishuka mashuani. Huko ulalo unafanya kazi yake barabara.

Kuna kisababishi kingine kinachofanana na hiki, nacho ni kivuli. Vichochoro vyetu vina giza mchana na jua kali juu ya mapaa. Kibao cha hudhurungi iliyokoza chenye herufi nyekundu kitapotelea humo, kiwe cha ulalo au cha ghorofa. Ukibadilisha toleo na hali ikabaki vilevile, angalia tofauti ya rangi kabla ya kulaumu umbo.

Simama hapa kwa mambo mawili. La kwanza ni ukuta. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na plasta yake humeguka ovyo chini ya drili. Skrubu inayoonekana imeshika leo inaweza kulegea kwa upepo wa kusi, na chini yake wanapita watoto na punda wenye mizigo. Muite fundi anayezijua kuta hizo, na kibao kikae juu kiasi kwamba mtu mwenye mzigo kichwani asikiguse. La pili ni ruhusa. Mji wa Kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na huwezi kubandika chochote unachotaka kwenye uso wa nyumba. Peleka mchoro kwa watu wa Makumbusho ya Taifa hapa mjini na kwenye ofisi ya kaunti kabla ya kukata mbao. Mimi hupeleka toleo la ghorofa likiwa limechorwa juu ya picha ya ukuta wenyewe, na mazungumzo huwa mafupi.

Dalili ya 3: lebo ya chupa inaonyesha kipande cha jina

Chupa ikiwa rafuni, mteja anaona nusu ya neno la kwanza, "za", na nusu ya neno la mwisho. Embe limezungukia nyuma. Mwenye biashara anamlaumu aliyebandika, kwamba hakulenga katikati.

Wakati mwingine ni kweli, na hilo ndilo la kukagua kwanza kwa kuwa ni rahisi: zungusha chupa uone kama kuna upande wowote ambao nembo yote inaonekana. Kama upo, tatizo ni mkono tu. Kama haupo, hata malaika akibandika itakuwa vilevile.

Chupa ya bi ina kipenyo cha sentimita 7, kwa hiyo mzunguko wake ni kama sentimita 22. Lebo ilikuwa sentimita 20 kwa 6. Ukigawa 20 kwa 6 unapata zaidi ya 3, na kwa ile njia ya mkato chochote kinachozidi 2 ni cha ulalo. Aliyemchorea lebo alifanya hesabu sahihi juu ya karatasi iliyolala mezani. Tatizo ni kwamba lebo hailali mezani. Ikishazunguka chupa, sehemu inayosomeka kwa mtu aliyesimama mbele ni kama theluthi moja ya mzunguko, yaani sentimita 7 na kidogo. Zaidi ya hapo herufi zinapinda na kukimbilia nyuma.

Nafasi ya kweli basi ilikuwa 7 kwa 6, na hiyo ni ghorofa bila ubishi. Kimo kinabana: 6 gawa kwa 10 ni milimita 6 kwa herufi. Ulalo wa zamani ulikuwa na herufi za milimita 10, kubwa zaidi kweli, lakini hakuna aliyewahi kuziona zote kwa pamoja. Kuusogeza ulalo uingie kwenye zile sentimita 7 kungeshusha herufi hadi milimita 3.5 hivi.

Kilichobaki pembeni, kulia na kushoto mwa ghorofa, hakikupotea bure. Huko ndiko kunakaa viambato, uzito na tarehe, vitu ambavyo mtu huvisoma akiwa ameishika chupa na kuizungusha. Na tafadhali, alama ya ubora ya KEBS si pambo la kujazia nafasi. Kama huna kibali chake, usiiweke, hata mchapaji akikuambia kila mtu anaiweka.

Kabla ya kuchapa mia, chapa moja kwenye karatasi ya kawaida, ifunge kwenye chupa iliyojaa, iweke kwenye usawa wa macho, urudi nyuma hatua tatu. Chupa tupu hudanganya, kwa sababu achari yenyewe ni ya rangi na inabadilisha jinsi kingo za lebo zinavyoonekana.

Dalili ya 4: ghorofa inaonekana kama kofia ndogo juu ya mtu mnene

Hii huwapata wanaojitengenezea ghorofa wenyewe kutoka kwenye ulalo. Wameichukua alama kama ilivyo, wakaisogeza juu, wakaacha jina kwa mstari mmoja. Embe lenye kimo cha herufi 3 limekaa juu ya mstari wenye upana wa herufi 14, na pande zote mbili kuna utupu.

Ghorofa lazima ijengwe upya. Kata jina mistari miwili kwanza. Kwa Kiswahili kuna jambo la kuangalia hapa: "za", "ya" na "la" hufuatana na neno linalokuja baada yake. Mstari wa kwanza wa bi ni neno la kwanza peke yake, na wa pili unaanza na "za". Ukiiacha "za" inaning'inia mwisho wa mstari wa kwanza, msomaji anakwama kama aliyekosa ngazi. Kisha ikuze alama. Embe lake lilitoka herufi 3 hadi 4. Kati ya embe na jina tuliweka nafasi ya herufi 1.2, na kati ya mistari miwili 0.8, ili maneno yajue kwamba ni ya nyumba moja. Jumlisha, utapata 8.

Ukishafanya yote hayo na bado nembo inaonekana imeelemea kushoto, macho yako ni mazima. Programu huweka katikati kwa kuhesabu kila kitu, pamoja na lile jani lililochomoza kulia. Jani lilitoka nje kwa herufi 0.6, kwa hiyo tunda lenyewe likasukumwa kushoto kwa 0.3. Lirudishe kulia kidogo kidogo, anza na nusu ya kiasi hicho. Kisha igeuze nembo kichwa chini na kuitazama kwa macho yaliyofinywa. Ikiwa juu chini huoni tena maneno, unaona uzito tu, na hapo ndipo utajua kama tunda limekaa juu ya jina. Hakuna namba ya kukusaidia kumaliza kazi hii.

Jina lililoandikwa kwa hati za Kiarabu lina utaratibu wake: ulalo huanzia kulia, alama nayo ikae huko. Usilipindue toleo la Kilatini ukadhani umemaliza. Mpe anayejua kuandika hati hiyo.

Na kama alama yako yenyewe ni ndefu, tuseme mashua yenye mkia wa mawimbi mara nne ya kimo chake, ghorofa itakataa kila utakapojaribu. Simama, umwite mchoraji. Alama hiyo inahitaji kufupishwa, na kuifupisha ni kuchora upya.

Dalili ya 5: kwenye duara la WhatsApp hakuna kinachosomeka

Ulalo ndani ya duara hukatwa vichwa vyote viwili, au hupungua mpaka ukawa mstari. Watu wakiona hivyo hukimbilia ghorofa, na ghorofa ni bora zaidi kwa kiasi, ila haitoshi. Mraba mkubwa kuliko wote unaoweza kuingia ndani ya duara una upande wa kama 0.7 ya kipenyo. Duara la kwenye orodha ya mazungumzo halifiki hata sentimita 1 kwenye simu nyingi. Lichukulie kuwa milimita 9: mraba ni wa milimita 6 na kitu, ghorofa ina upana wa herufi 8, basi kila herufi ni chini ya milimita 1. Hiyo ni vumbi.

Hapa hakuna toleo kati ya hayo mawili linalofaa. Weka embe peke yake, kwa kuwa jina la biashara WhatsApp inaliandika yenyewe pembeni. Liweke katikati kwa kulitazama tunda, kisha ukague kama ncha ya jani imekatwa na ukingo. La bi lilikatwa mara ya kwanza. Tulilipunguza embe kidogo, jani likarudi.